Uzi: Nilivyowafikia watu wa ndani ya mashirika kupitia niliosoma nao, na kwa nini grupu la darasa lilinitupa

Mtunza_Stoo

Wakuu, heshima kwenu.

Nina shahada ya ununuzi na ugavi ya Mzumbe, nilimaliza 2021. Tangu hapo niko stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Mbagala. Nondo, saruji, mabati. Siilaumu kazi, inanilisha, ila nilichokuwa nakitaka ni ugavi wa dawa na vifaa tiba kwenye miradi ya afya. Humu kuna nyuzi nyingi za "nani ana koneksheni" na zote zinaishia na watu wanaoandika "na mimi nasubiri hapa". Basi mimi naeleza nilichofanya kwa miezi minne, pamoja na palipoharibika.

Naanza na aibu. Nilitupia ujumbe kwenye grupu la darasa, tuko watu 87: "Wadau, nani yupo shirika fulani au anamjua mtu pale? Naombeni koneksheni." Nikapata dole gumba tatu, mmoja akaandika "tupo pamoja mkuu", na dakika tano baadaye ukatumwa mchango wa msiba, uzi wangu ukafunikwa palepale. Wiki tatu baadaye nikagundua kuwa dada mmoja wa darasa letu anafanya kazi humo humo kwenye shirika nililolitaja, na ujumbe aliusoma. Nilipompigia akacheka: "Ningejibu kwenye grupu, hadi jioni ningekuwa na wasifu wa watu 40 kwenye simu. Ungenitafuta mwenyewe tungeongea siku hiyo hiyo."

Baada ya hapo niliacha grupu nikaanza kutafuta mtu mmoja mmoja. Kwenye LinkedIn, ukifungua ukurasa wa chuo chako kuna sehemu imeandikwa `Alumni`. Ndani yake unaona wahitimu wamepangwa kwa wanapoishi, wanapofanya kazi na walichosoma. Nikaweka Tanzania, nikaandika jina la shirika, yakatoka majina 6. Nikafanya hivyo kwa mashirika 11 niliyokuwa nayo kwenye daftari, nikapata majina 34. Wengi ni wahasibu na watu wa rasilimali watu, wa ugavi walikuwa 9 tu. Niliwaandikia hao 9. Wanne walijibu, wawili tukaongea kwa simu. Mmoja kati ya hao wawili ndiye aliyebadilisha mambo, nitamweleza chini. Ngoja kwanza nisikie wenzangu.

Changarawe_Bweni_B

Umenikumbusha Changarawe mkuu, ugali wa mama nani yule aliyekuwa anakopesha hadi bumu litoke. Naweka kambi hapa.

Mzee wa IDM

Vijana mnahangaika na mitandao. Sisi tulimaliza hapo hapo ikiitwa IDM, kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001. Kazi zote nilizopata nilikwenda ofisini kwa mtu na barua mkononi. Nenda getini, mwambie mlinzi unamtaka fulani, mlisoma chuo kimoja. Mtu akikuona uso hawezi kukukatalia. Huo ndio utu wetu.

Mtunza_Stoo

Mzee wangu, shikamoo. Getini nilienda mara moja, Masaki. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani, nikataja jina, akapiga simu juu, akaniambia "anasema hakufahamu". Nilirudi kituoni kwa miguu ili hasira ishuke.

Ila umenisaidia kitu bila kujua. Nilikuwa natafuta "Mzumbe University" tu. Watu wa rika lako wengi wameandika IDM kwenye wasifu wao, na wale walioandika jina la chuo kwa mkono bila kuchagua ukurasa rasmi hawaonekani kabisa kwenye orodha ya `Alumni`. Nimejaribu sasa hivi kuandika IDM Mzumbe kwenye sehemu ya kutafutia, nimepata wakuu wawili wa ugavi ambao sikuwahi kuwaona.

BiRasilimali

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwenye mashirika kwa miaka 14, niruhusuni niongee kutoka upande wa pili wa meza.

Hilo la majina ya zamani ni la kweli, na si Mzumbe tu. Muhimbili ilikuwa MUCHS hadi 2007, Ardhi ilikuwa UCLAS, Ushirika Moshi ilikuwa MUCCoBS hadi 2014. Mtu mwenye cheo cha kuweza kukusaidia mara nyingi ndiye aliyesoma enzi za jina la zamani. Ukitafuta kwa jina jipya peke yake unapata wenzako wa rika, nao wana miaka miwili kazini, hawajui bajeti wala hawaulizwi chochote.

La pili ni la getini. Mzee ana nusu ya ukweli. Kuonana uso kwa uso kunasaidia sana, ila baada ya mtu kujua wewe ni nani. Ukimtokea ghafla unamweka pabaya mbele ya mlinzi na mapokezi, na anachofanya binadamu akiwekwa pabaya ni kukukana.

Mtunza_Stoo, tuwekee ujumbe uliowatumia wale 9. Neno kwa neno. Hapo ndipo watu wengi wanapoanguka.

Mtunza_Stoo

Haya, nisicheke mwenyewe. Watano wa kwanza niliwatumia huu:

"Habari kaka/dada. Mimi ni mhitimu mwenzako wa Mzumbe. Natafuta kazi katika shirika lenu. Nimeambatanisha wasifu wangu. Naomba unisaidie kuufikisha kwa wahusika. Mungu akubariki sana."

Kati ya watano alijibu mmoja: "Angalia tovuti yetu." Wanne waliobaki niliwaandikia hivi:

"Habari dada. Nilisoma ununuzi na ugavi Mzumbe, nilimaliza 2021, sasa natunza stoo ya vifaa vya ujenzi Mbagala. Naona ulitoka kwenye kiwanda ukaingia ugavi wa dawa. Ningependa kukuuliza maswali mawili kuhusu namna ulivyohama, dakika 15 kwa simu, siku yoyote jioni. Kazi siombi, nataka kujua kama njia hii inanifaa."

Walijibu watatu.

BiRasilimali

Umeona tofauti? Wa kwanza unampa mtu mzigo: wasifu wa mtu asiyemjua, aupeleke kwa bosi wake, jina lake likiwa juu. Wa pili unamwomba kitu anachokimiliki mwenyewe, yaani habari za maisha yake, na una mwisho, dakika 15.

Nikosoe kimoja. "Kazi siombi" ilhali unaitafuta, watu wanaisoma kama ujanja. Sema wazi: "Natafuta kuhamia huko, ila sikuombi uniombee." Mtu mzima anaheshimu hilo.

Nesi_wa_Zamu

Samahani kuuliza, sisi wa diploma ambao hatuna hiyo LinkedIn tunafanyaje? Darasa letu tulikuwa 60, chuo cha uuguzi cha misheni, wengi wako vituo vya wilaya. Mimi nataka kuingia hospitali moja ya binafsi hapa mjini. Na halafu sipendi kuomba omba.

Mtunza_Stoo

Dada yangu, kwa nesi sijui, nisikudanganye.

BiRasilimali

Nesi, kwako ni rahisi kuliko kwake, ila njia ni nyingine. Usianze na waliomaliza nawe, wengi mko sawa. Anza na waliokutangulia miaka mitatu minne, wale mliokutana nao bwenini. Na usiwasahau wale mliofanya mafunzo ya vitendo wodi moja mkiwa vyuo tofauti. Yule mliyekesha naye zamu ya usiku amekuona ukifanya kazi, na huo ndio ushahidi anaoweza kukutolea mbele ya matroni. Aliyekaa nawe darasani anajua tu kuwa ulikuwa unawahi kipindi. Chukua daftari, andika kila mliyefanya naye zamu, na sasa yuko wapi. Hata mkufunzi wa wodi muweke.

Kitaa_Graduate

Mimi nilikuwa na koneksheni kabisa. Jamaa tuliyesoma naye kidato cha sita alinitafuta mwenyewe, akasema yuko karibu na bosi wa kampuni moja ya simu, nafasi ipo, nitoe laki tatu ya "kufungua faili". Nikatoa laki na nusu. Hadi leo namba haipatikani. Huu uzi wenu unawafunza watu kutapeliwa.

Changarawe_Bweni_B

Pole sana mkuu. Ila wewe hukumtafuta, yeye ndiye alikutafuta. Si kitu kimoja.

BiRasilimali

Pole Kitaa. Changarawe amegusa penyewe. Uliyemchagua wewe kutoka orodha ya watu 34 ukamwomba maelezo, uwezekano wa kukutapeli ni mdogo. Aliyekuja mwenyewe na nafasi mkononi ndiye wa kumwogopa, hata mkiwa mmelala kitanda cha juu na chini miaka miwili. Alama nyingine ni kwamba mtu wa ndani wa kweli atakupa jina la cheo, idara na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, kisha utaliona tangazo mahali pa wazi. Tapeli anasema "nafasi haijatangazwa na haitatangazwa".

Afisa_Kimya

Mimi niko serikalini. Naona watu watauliza, kwa hiyo niseme mapema: kwenye utumishi wa umma mbinu hizi hazikupi kazi. Maombi yanaingia Ajira Portal chini ya Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika, ukipita unakwenda wa mahojiano. Rafiki yako aliye ndani ya taasisi hakai kwenye huo mchakato. Nimeshaombwa na wanafunzi wenzangu wasiopungua kumi "niongee na watu". Hakuna watu wa kuongea nao. Nikimwambia mtu hivyo ananuna, anadhani namfungia mlango.

Ninachoweza kumpa ni hiki: kazi ya cheo hicho ikoje kila siku, kituo gani kina uhaba wa nyumba, na sheria ipi ya ununuzi asome kabla ya mchujo kwa sababu ndiyo tunayoitumia kila siku mezani. Hayo nayatoa bure, lakini wanaoyauliza ni wachache.

Mzee wa IDM

Enzi zetu huyo angesaidia.

Afisa_Kimya

Ndiyo maana enzi zenu zimeletewa Portal, mzee wangu. Kwa heshima zote.

Mtunza_Stoo

Hahaha, tuheshimiane wakuu. Nirudi kwa yule mmoja niliyewaahidi.

Kwenye majina yangu 9, mmoja wasifu wake ulisema ni afisa ugavi wa mradi wa afya, "hadi sasa". Nilipompigia akaniambia mradi ulisimama mwanzoni mwa 2025 fedha za USAID zilipozuiwa, yeye na wenzake karibu wote wakarudi nyumbani. Hakubadilisha wasifu wake kwa sababu, kwa maneno yake, "sikuwa na moyo". Nikaona nimepoteza simu. Kumbe ndiyo simu iliyokuwa na faida kuliko zote.

Huyu kaka hakuwa na cha kuficha. Hana bosi wa kumwogopa. Aliniambia kwa dakika 40 mambo ambayo aliyeko kazini hawezi kukuambia: ni mashirika gani yana fedha za vyanzo vingine, nani alikuwa analipa mishahara kwa kuchelewa, na kwamba nafasi ninazozililia zinataka mtu aliyewahi kutunza dawa kwenye jokofu, kusoma rekodi za joto na kusimamia tarehe za kuisha muda. Stoo ya nondo haina hayo. "Hata nikikuunganisha leo utaanguka kwenye usaili," akasema. Akanielekeza kwa msambazaji wa dawa wa jumla pale Kariakoo, kampuni binafsi, ambaye anaajiri watu wa stoo bila makeke. Mkuu wa ghala pale alisoma naye mwaka mmoja.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kutafuta. Badala ya kuchuja waliopo, kwenye `All filters` naweka chuo changu kwenye `School` na shirika ninalolitaka kwenye `Past company`. Wanatoka waliowahi kuwa pale wakaondoka.

BiRasilimali

Hili la waliotoka lishikeni. Sisi wa rasilimali watu tunalijua na hatulisemi.

Ila lina kasoro yake. Aliyeachishwa kwa uchungu atakuchorea picha nyeusi kuliko ilivyo. Ongea na wawili, si mmoja, na wawe wa idara tofauti. Wakikubaliana kwenye jambo, liamini. Na usimwombe aliyetoka akupeleke kwa bosi wake wa zamani kabla hujajua waliachanaje. Nimeshapokea wasifu mzuri sana uliokuja kwa mkono wa mtu tuliyemfukuza kwa wizi wa mafuta. Kijana wa watu hakuwa na kosa, lakini meneja hakuufungua.

Mwananchi_Nrb

Hodi kutoka Nairobi. Huku kwetu makampuni mengi makubwa yana mfumo wa mfanyakazi kupendekeza mtu, na akiajiriwa aliyependekeza hulipwa. Kwa hivyo mwenzako wa darasa anafurahi ukimtumia wasifu, si mzigo kwake. Nilipata kazi yangu hivyo. Lakini kuna kosa moja lilinigharimu nafasi ya kwanza. Nilituma maombi mwenyewe usiku kwenye tovuti, kisha kesho yake nikamwambia rafiki yangu. Akijaribu kuniingiza, mfumo ukamwambia barua pepe hii tayari ipo. Pendekezo lake halikuhesabika. Ongea na mtu wako KWANZA, ndipo ubonyeze kutuma.

BiRasilimali

Sahihi, na inategemea mahali. Kwenye mashirika ya misaada mengi hakuna malipo ya kupendekeza, na fomu inauliza kama una ndugu au mtu wa karibu ndani. Mliyesoma naye si ndugu, lakini mkiwa mmekaa nyumba moja au mna biashara pamoja, andika. Ukigundulika umeficha unaondolewa hata kama ulikuwa wa kwanza kwenye usaili.

Mtu akiniletea wasifu wa mwenzake wa chuo namuuliza kitu kimoja tu: "Umewahi kufanya naye kazi?" Akisema hapana, naandika pembeni "amefahamika chuoni" na wasifu unaingia kwenye rundo na mingine yote. Faida yake ni kwamba utafunguliwa na kusomwa, basi. Tukipata wasifu 600 kwa nafasi moja ya afisa, kusomwa si jambo dogo. Ila msitegemee zaidi ya hapo.

Changarawe_Bweni_B

Swali. Kuna jamaa darasani tuligombana kwenye kazi ya kikundi, nilimwandikisha jina ilhali hakufanya chochote, halafu nikamsema mbele ya mhadhiri. Sasa yuko palepale ninapopataka. Nimtafute au nimpite?

Nesi_wa_Zamu

Mpite. Watu hawasahau.

Mwananchi_Nrb

Mimi ningemtafuta, kwa simu si kwa maandishi. Ukisubiri akuone kwenye orodha ya walioitwa, atakuwa na neno la kusema na hutakuwepo kujitetea.

BiRasilimali

Hapa sina jibu. Nimeona yote mawili yakitokea.

Kitaa_Graduate

Swali langu: mnaandika kwa Kiswahili au Kiingereza? Mimi nikiandika Kiswahili naonekana sijasoma.

Mtunza_Stoo

Mimi wote niliwaandikia Kiswahili, kwa sababu nilitaka wanione kama mtu wa Changarawe. Mmoja alinijibu kwa Kiingereza kikavu, nikahamia huko huko.

Afisa_Kimya

Mimi ukiniandikia Kiingereza cha kunakili nakupita. Ila bosi wangu ni kinyume kabisa. Angalia yeye mwenyewe anachapisha kwa lugha gani.

Mzee wa IDM

Mtunza Stoo, wale wakuu wawili uliowapata kwa jina la IDM, mmoja kama ni yule ninayemdhania tulikaa bweni moja. Niandikie inboksi jina lake. Sikuahidi kitu. Nitampigia nimwulize kama anaweza kukupokea simu, akikataa nitakuambia amekataa.

BiRasilimali

Mzee, hiyo ndiyo njia bora kuliko zote zilizotajwa humu. Kumwuliza kwanza, kabla ya kutoa namba. Mtunza_Stoo, mwandikie mzee mistari minne kuhusu wewe anayoweza kuituma kama ilivyo, asilazimike kukueleza kwa maneno yake. Weka jina, mwaka, unachofanya sasa, na swali lako moja.

Mtunza_Stoo

Mzee nimekuandikia inboksi, mistari minne, nimeirudia mara sita.

Na mrejesho kwa waliouliza: yule mkuu wa ghala la dawa Kariakoo nilionana naye Jumamosi iliyopita. Hakunipa kazi. Alinionesha chumba cha baridi, akaniuliza joto linatakiwa kuwa kati ya ngapi na ngapi, nikajibu 2 hadi 8, akauliza nafanya nini umeme ukikatika saa nane usiku, nikakwama. Akasema nirudi baada ya mwezi, kuna mtu wake anaondoka, na nikirudi swali litakuwa lile lile.

Nesi_wa_Zamu

Njoo inboksi, hilo la umeme kukatika naweza kukujibu. Kliniki yetu ya chanjo linatokea kila wiki.